Mgeni Katika Karamu ya Siku Kumi na Tisa



Leo nataka tuzungumze juu ya mkutano mmoja ambao baadhi ya majirani zetu hapa Malindi na Kilifi huufanya kila baada ya siku kumi na tisa. Wanauita Karamu. Wenyewe ni Wabahai, wafuasi wa dini iliyoanza Uajemi katika karne ya kumi na tisa. Hapa Kenya wana baraza lao la kitaifa tangu 1964, na Mei 2021 walifungua hekalu lao huko Matunda Soy, magharibi mwa nchi. Huku Pwani wengi wetu tunawajua kama jirani, mwalimu wa watoto au shemeji aliyeolewa katika ukoo, lakini mikutano yao hatuijui. Halafu siku moja jirani huyo anakwambia, "Kesho jioni tuna Karamu nyumbani kwangu. Karibu." Nawe unabaki na maswali.

Maswali hayo ni ya haki, na katika kaunti yetu ni ya lazima. Tangu 2023, miili ya mamia ya waumini ilipofukuliwa katika msitu wa Shakahola, hakuna mzazi wa Kilifi anayeweza kulaumiwa kwa kuuliza habari za mkutano wa dini asioujua. Anataka kujua nani anaongoza, pesa zinakwenda wapi, na kama yapo mazungumzo ambayo mgeni hayasikii. Zaidi ya yote anataka kujua kama mtu anaweza kuja, akasikiliza, kisha akarudi kwake bila kudaiwa kitu. Naamini njia nzuri ya kuyajibu ni kuingia ndani ya Karamu yenyewe, sehemu baada ya sehemu, tuone kinachofanyika.

Kwanza, hizo siku kumi na tisa zinatoka wapi? Wabahai wana kalenda yao, iliyowekwa na Bab, aliyetangulia kuleta habari za Bahaullah, mwanzilishi wa dini hii. Mwaka wao una miezi kumi na tisa, na kila mwezi una siku kumi na tisa. Ukizidisha unapata siku 361. Zinazobaki kuukamilisha mwaka wa jua, nne au tano, huwekwa kabla ya mwezi wa mwisho, ambao ni mwezi wao wa kufunga, unaoanza mwanzoni mwa Machi. Miezi ina majina ya sifa za Mungu, na masikio ya Pwani hayatashangaa: kuna Jamali, kuna Nuru, kuna Sultani. Karamu huwa mara moja kwa kila mwezi, na inapowezekana hufanywa siku ya kwanza ya mwezi huo.

Hapa mgeni aangalie jambo moja asije akakosea siku. Siku ya Kibahai huanza jua linapotua, kama sisi tunavyosema usiku wa Ijumaa tukimaanisha ule unaoitangulia Ijumaa. Kwa hiyo kalenda ukutani ikionyesha kwamba mwezi mpya unaanza tarehe nne, Karamu yaweza kuwa jioni ya tarehe tatu. Tena tarehe hizo huweza kusogea siku moja mwaka hadi mwaka, kwa sababu mwaka wao mpya hufuata siku ya Machi ambayo usiku na mchana hulingana, na siku hiyo huangukia tarehe 20 au 21. Usikisie. Muulize mwenyeji: jioni ya siku gani, saa ngapi?

Asili ya Karamu ni agizo la Bahaullah lililomo katika kitabu chake cha sheria, kilichokamilika mjini Akka karibu mwaka 1873. Aliwataka wafuasi wake waandae karamu mara moja kwa mwezi, hata kama cha kuandaa ni maji tu. Mwanawe, Abdul-Baha, akaifanya kuwa mkutano wa sala na udugu, akisisitiza kwamba mwenye nyumba awahudumie wageni wake yeye mwenyewe. Baada yake akaja Shoghi Effendi, aliyeongoza dini hiyo tangu 1921 hadi 1957, akaongeza sehemu ya mashauriano. Ndiyo maana leo Karamu ina sehemu tatu, na zinafuatana kwa utaratibu huu: sala, mashauriano, kisha udugu na chakula.

Utaratibu huo una sababu, na nikiueleza kwa maneno matupu utapita sikioni. Kwa hiyo nitatunga mfano. Si nyumba ninayoijua, ila kila jambo lililomo ni la kawaida katika Karamu. Tuseme ni mapema Novemba, mvua za vuli zimeanza, na tuko kijiji kimoja kando ya barabara ya kutoka Kilifi kwenda Malindi. Jumuiya ina familia kumi. Kwa kuwa Karamu ni kumi na tisa kwa mwaka, kila familia huandaa kama mara mbili. Leo ni zamu ya mama mmoja mjane mwenye nyumba ya makuti na uwanja uliofagiliwa. Jua linatua saa kumi na mbili na robo hivi. Majamvi yametandikwa, na viti vichache vimeazimwa kwa jirani kwa ajili ya wazee. Mgeni wetu ni jirani Mwislamu, mama wa mtoto anayehudhuria darasa la watoto la Wabahai siku za Jumamosi.

Mgeni huyu ana jambo lake la kwanza: saa ya Karamu ndiyo saa ya Magharibi. Hilo halina ugumu. Mwenyeji anamwambia, "Swali kwanza, dada, sisi tutaanza taratibu. Ukipenda kuswali hapahapa, chumba kipo." Yeye anaswali kwake, anafunga leso yake, anakuja. Anakuta kisomo kimeanza, basi anasimama ukumbini mpaka msomaji amalize, ndipo anaingia na kukaa.

Sehemu hii ya kwanza ni ya sala na visomo. Hakuna sheikh wala padri, kwa sababu dini ya Kibahai haina makasisi. Hakuna mahubiri. Mtu mmoja anasoma sala au kifungu cha maandiko, wengine wananyamaza na kusikiliza, kisha anasoma mwingine. Msomaji anaweza kuwa mzee, kijana aliyemaliza sekondari au mtoto wa miaka minane aliyehifadhi sala fupi. Maandiko mengi yanatoka kwa Bahaullah, Bab na Abdul-Baha. Huenda kukawa na wimbo, na katika vijiji vyetu nyimbo huwa za Kiswahili au Kigiriama. Wanaume na wanawake hukaa pamoja. Mgeni hatakiwi kupiga magoti, kurudia maneno wala kuitikia kitu asichokiamini. Kazi yake ni kusikiliza kwa heshima. Akiombwa kusoma, anaweza kukubali au kukataa, na kukataa si kosa. Akitaka kusoma kitu kutoka katika kitabu chake mwenyewe, amwambie mwenyeji mapema, maana visomo huwa vimepangwa.

Kwa kawaida sehemu hii si ndefu. Inapoharibika, sababu moja kubwa ni lugha. Utakuta kisomo kizito cha Kiingereza kinasomwa mbele ya bibi asiyejua Kiingereza, au kurasa nne zinasomwa mfululizo mpaka watoto wanalala. Dalili ni rahisi kuiona: watu wanaacha kumtazama msomaji. Jumuiya inayojali huchagua vifungu vifupi, kwa lugha inayoeleweka, na humpa msomaji karatasi yake mapema, maana taa ya sola si kila mtu anaweza kuisomea.

Sasa tuje kwenye sehemu ya pili. Hii ndiyo inayomtia mgeni wasiwasi, nami nitakaa hapa zaidi, kwa sababu Karamu isingekuwa ilivyo bila ya mashauriano haya.

Kila mwaka, mwezi wa Aprili, Wabahai wa mahali pamoja huchagua watu tisa. Kura ni ya siri, hakuna wagombea na kampeni hairuhusiwi. Kila mpiga kura anaandika majina tisa ya wale anaowaona wanafaa. Hao tisa ndio Baraza la Kiroho la Mahali, na uamuzi ni wa wote tisa kwa pamoja. Mmoja wao akiwa peke yake hana mamlaka juu ya mtu yeyote, hata kama ni mwenyekiti. Hilo ndilo jibu la swali la nani anaongoza. Lakini watu tisa wanaweza kujifungia na kusahau waliowachagua. Karamu ipo ili hilo lisitokee. Kila baada ya siku kumi na tisa Baraza linakaa mbele ya jumuiya yake, linatoa habari, linasikiliza.

Turudi kwa mama mjane. Sala zimekwisha. Katibu wa Baraza anasoma barua iliyotoka kwa baraza la kitaifa Nairobi, na kwa busara anaifupisha kwa Kiswahili badala ya kuisoma yote. Mweka hazina anaeleza hali ya mfuko: kilichoingia, kilichotumika, kilichobaki. Hataji nani ametoa nini, kwa sababu mchango wa kila mtu ni siri yake. Kisha mwendesha mkutano anafungua mashauriano. Mwanamke mmoja anasema darasa la watoto linafanyika chini ya mwembe, na tangu mvua zianze limevunjika Jumamosi mbili. Anapendekeza lihamie barazani kwa familia moja. Mwenye baraza hiyo anakubali, ila anasema ni finyu, watoto ishirini hawatatosha. Kijana mmoja anauliza kama shule ya chekechea ya kijiji inaweza kuombwa kwa siku za Jumamosi. Mzee anaongeza kwamba lazima wazazi wasio Wabahai waulizwe kwanza, kwa sababu nusu ya watoto ni wa kwao.

Hapo mwendesha mkutano anamgeukia mgeni wetu. "Dada, mwanao ni wa darasa hilo. Wewe unaonaje?" Naye anasema wazi: shule ya chekechea ni nzuri lakini iko ng'ambo ya barabara kubwa, na magari ya Malindi hapo hayapunguzi mwendo. Hakuna aliyelifikiria hilo.

Jumuiya inakubaliana kupendekeza kwamba darasa lihamie barazani kwa muda, watoto wagawanywe makundi mawili ya saa tofauti. Katibu anaandika. Angalieni sasa: Karamu haijaamua kitu. Imetoa pendekezo kwa Baraza. Baraza litakutana ndani ya siku hizo kumi na tisa, litalipima, na katika Karamu ijayo litarudi na jibu. Linaweza kukubali, kubadilisha au kukataa, lakini lazima liseme.

Hapa ndipo unapoweza kujua kama jumuiya ni nzima au inaumwa. Katika Karamu inayofuata, sikiliza kama katibu anaanza kwa kusema, "Mlipendekeza hivi, Baraza limeamua hivi, kwa sababu hii." Jumuiya inayosikia hivyo huja na mapendekezo mengine. Ikipita Karamu ya pili na ya tatu bila jibu, watu huacha kusema. Kisha huanza kuchelewa, ili waikute sala ya mwisho na chakula. Mwishowe sehemu ya pili inabaki ya matangazo tu, katibu anasoma na wengine wanatazama simu. Ugonjwa mwingine ni wa upande wa pili: mtu kushikilia wazo lake mpaka saa tatu usiku kana kwamba ni shamba lake. Katika mashauriano ya Kibahai, wazo likishatolewa si mali ya aliyelitoa tena. Ni la wote, walichambue, walirekebishe, hata waliache, na yeye asione amedharauliwa. Kulisema hilo ni rahisi, kulitenda mbele ya shemeji yako kuna kazi, na ndiyo maana wanalifanyia mazoezi mara kumi na tisa kwa mwaka.

Je, kuna mambo ambayo mgeni hayasikii? Ndiyo, yapo, na ni vizuri kusema bila kuficha. Karamu kwa asili ni mkutano wa Wabahai wenyewe. Haitangazwi kwa umma. Wakitaka kumkaribisha kila mtu, wana mikutano mingine ya sala, madarasa ya watoto na vikundi vya masomo, na huko mlango uko wazi kwa wote. Mgeni huja kwenye Karamu kwa sababu ni rafiki wa karibu, au ni ndugu, au ni mume au mke wa Mbahai na Karamu iko nyumbani kwake. Zamani, mgeni asiye Mbahai akiwepo, sehemu ya mashauriano iliachwa yote, au aliombwa kwa upole atoke kwa muda. Mwaka 2009, Nyumba ya Haki ya Ulimwengu, baraza lao kuu lililoko Haifa, lilieleza njia nyingine: wanaoendesha Karamu waibadilishe sehemu hiyo ili mgeni abaki. Habari, miradi ya huduma na mambo ya jumla yaendelee kama kawaida, na mambo nyeti yawekwe kwa wakati mwingine, ili watu waweze kuyasema kwa uhuru.

Tuchukue mfano uleule. Tuseme siku hiyo kuna mtu alitaka kulilaumu Baraza kwa kuchelewa kujibu barua yake. Ana haki ya kusema. Lakini mbele ya mgeni, yeye atameza nusu ya maneno, na Baraza litajitetea kwa haraka ili kulinda sura. Hakuna atakayefaidika, na mgeni atakaa akitazama miguu yake. Basi mwendesha mkutano analiweka kando: "Hili tutalipatia wakati wake." Matatizo ya ndoa au mwenendo wa mtu, hayo hayaletwi kwenye Karamu kabisa, awepo mgeni asiwepo. Hupelekwa kwa Baraza faraghani.

Nauona huo kuwa uamuzi wa haki. Una pande mbili zinazovutana: ukarimu kwa mgeni, na uhuru wa wenyeji kusemezana ukweli. Ukitupa ukarimu unamfukuza jirani uliyemwita mwenyewe. Ukitupa uhuru unaua sehemu ya pili polepole, kwa sababu kila Karamu itakuwa na mgeni na kila neno gumu litangojea. Ndiyo maana mwenyeji mwenye busara humwarifu katibu kabla ya siku kwamba atakuwa na mgeni, ili ajenda ipangwe. Taarifa hiyo ndogo inazuia aibu nyingi.

Na pesa? Hapa wageni wengi hukosea kwa wema wao. Tumezoea harambee, tumezoea kupitisha kikapu, na mtu wa Pwani haingii kwenye shughuli ya mwenzake mkono mtupu. Mweka hazina anapotaja mfuko, mgeni wetu anafungua pochi yake, anamnong'oneza mwenyeji, "Nami nichangie kidogo?" Mwenyeji anajibu, "Ahsante sana, dada, lakini mfuko huu ni wa Wabahai peke yao. Hatupokei kwa mwingine." Hiyo si adabu ya mama huyo tu, ni sheria yao duniani kote: mfuko wa dini hupokea mchango wa muumini peke yake, na hata yeye halazimishwi wala hatajwi. Mkienda mahali penye jina hili mkaombwa pesa, nyinyi wageni, jueni kuna kitu hakiko sawa.

Sasa chakula kimefika, na sehemu ya tatu imeanza. Mtu anaweza kudhani kwamba hii ni ya ziada, kitu cha kuwafurahisha watu baada ya kazi. Sivyo. Sala zimewatuliza, mashauriano yamewagusa mahali panapouma, na sasa watu waliopingana nusu saa iliyopita wanapewa sinia moja. Aliyekataliwa wazo lake anamiminiwa chai na yule aliyelipinga. Ukiondoa sehemu hii, watu hurudi nyumbani na maneno yao kifuani.

Mama mjane ameandaa mbaazi za nazi na mahamri, na chai ya tangawizi. Wiki mbili kabla alikuwa na hofu, kwa sababu familia iliyotangulia iliandaa pilau. Hofu hiyo ni hatari kwa Karamu kuliko mvua. Familia moja ikiandaa pilau, ya pili ikiongeza kuku, ya tatu itatafuta sababu ya kuruka zamu, na ya nne haitasema kitu ila itaacha kuja. Katika sehemu za Ganze na Magarini, ambako wakati wa kiangazi mtungi wa maji wa lita ishirini hununuliwa kwa pesa au hubebwa kichwani kutoka mbali, yale maneno ya maji tu yana uzito wake kamili: kikombe cha maji kinatosha kuifanya Karamu, na anayekitoa ametoa kitu cha thamani. Jumuiya zinazofahamu hilo hukubaliana wazi juu ya kiasi. Nyingine hugawana: mwenyeji anatoa mahali na chai, wengine wanakuja na muhogo, viazi, ndizi, sukari. Kinachobaki kwa mwenyeji, kisichoweza kugawanywa, ni kule kuhudumu. Yeye anapita na sinia, yeye anauliza nani hajapata.

Mgeni anaweza kuleta chakula, na kitapokelewa kwa furaha. Lakini kuna zawadi moja ya heshima huku kwetu ambayo hapa haifai: mnazi. Katika miji ya Wamijikenda mnazi ni ukarimu, ni mahari, ni maombi kwa wazee. Wabahai hawanywi kileo cha aina yoyote, na Wagiriama walio Wabahai wamelazimika kutafuta namna ya kumheshimu mzee bila kibuyu hicho. Njia waliyo nayo imo kwenye mti uleule: lete madafu. Vyakula vingine havina mwiko katika dini yao, ila mwenyeji mwema atamuuliza mgeni Mwislamu kuhusu nyama kabla hajamwekea.

Katika mazungumzo ya sehemu hii uko huru. Ulizia dini yao, ulizia bei ya mahindi, cheka na watoto. Mambo mawili tu yatakufanya uone watu wamenyamaza. La kwanza ni kumsengenya asiyekuwepo, jambo ambalo Bahaullah amelikataza kwa ukali. La pili ni siasa za vyama. Mbahai hupiga kura kama raia mwingine, lakini hajiungi na chama wala hampigii mtu kampeni. Kwa hiyo msimu wa uchaguzi ukifika na ukamuuliza mwenyeji ni mrengo gani, usidhani anakuficha. Hana wa kukutajia.

Basi kwa yule aliyealikwa, nimalizie na yale ya kufanya. Uliza siku na saa, kwa sababu siku yao huanza magharibi. Fika kabla ya kisomo, na ukichelewa ngoja pale mlangoni mpaka msomaji amalize. Zima simu. Vaa kama unavyovaa kwenda kwa mtu unayemheshimu. Sikiliza sala bila kujilazimisha. Katika mashauriano sema ukiulizwa, na uone jinsi wanavyosikilizana. Ukihisi kuna jambo lao la ndani, unaweza wewe mwenyewe kusema, "Ngoja nikawasaidie jikoni," lakini wao hawatakufukuza. Mfuko wao waachie. Leta madafu au sukari ukipenda, na usaidie kuosha vyombo. Fikiria na usafiri wako: kama unategemea matatu ya mwisho ya kurudi mjini, mwambie mwenyeji mapema upate boda, au akupe mahali pa kulala.

Na kwa ndugu zetu Wabahai wanaonisikiliza, nami nina neno. Mgeni akitoka kwenye Karamu yenu, ataulizwa na watu wa nyumbani kwake kila alichokiona. Mpeni majibu mapema. Mwambieni kabla ya siku kwamba kuna sehemu tatu, kwamba ile ya kati ina mipaka na kwa nini, kwamba hatatozwa na hatabanwa. Kaunti hii imeumizwa na waliojenga uzio kati ya waumini na jamaa zao. Jirani anayekaa jamvini kwenu, akaulizwa kuhusu usalama wa mtoto wake barabarani, kisha katika Karamu ijayo akasikia Baraza limelifanyia kazi neno lake, huyo ataweza kuwajibu watu wake mwenyewe.